Barua ya Wakala na Barua ya Mwajiri: Kwa Nini Zinasemwa kwa Sauti Mbili



Katika robo mwaka iliyopita kamati tatu za parokia zilituletea swali linalofanana. Kijana wa parokia amepata ujumbe wa kazi kwenye simu, anaomba nauli ya kwenda kwenye usaili, na kamati haijui kama ujumbe huo ni wa kweli, kama ni wa haraka kama unavyojieleza, wala kama pesa za mfuko wa vijana zitoke. Wafadhili wetu nao wamekuwa wakiuliza kwa nini baadhi ya vijana tuliowasomesha uhasibu, ufundi na maabara hupata nafasi halafu nafasi hiyo ikapotea katikati ya njia. Tumeona tueleze jambo moja ambalo limetugharimu, nalo ni tofauti kati ya ujumbe wa wakala wa ajira na ujumbe wa afisa utumishi aliyeajiriwa na kampuni yenyewe. Tutalieleza kupitia kisa cha binti mmoja, kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina wala kukitaja kiwanda.

Binti huyu ana stashahada ya uhasibu na alikuwa akitunza hesabu katika shule moja ya sekondari. Jumatatu moja alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam. Ulikuja kwa Kiingereza, nasi tunauweka hapa kwa Kiswahili: "Habari! Nimeona wasifu wako, unafaa sana kwa nafasi ya mhasibu niliyo nayo kwa mteja wetu mkubwa Kanda ya Ziwa. Mshahara ni mzuri. Je, sasa unalipwa kiasi gani, unataka kiasi gani, notisi yako ni ya muda gani? Nitumie wasifu wako kwa Word leo kabla ya saa kumi." Akajibu, "Sawa, natuma." Akatuma.

Jumatano aliona tangazo la nafasi ya mhasibu limebandikwa na kiwanda kimoja cha samaki. Akajaza fomu ya kiwanda, akaambatanisha vyeti vyake, na baada ya siku kadhaa akapata barua pepe ya namna nyingine kabisa: "Tumepokea maombi yako ya nafasi ya Mhasibu. Maombi yatachambuliwa baada ya tarehe ya mwisho iliyotajwa katika tangazo. Watakaochaguliwa tu ndio watakaoitwa kwenye usaili." Hakuna habari, hakuna unafaa, hakuna hata jina la aliyeandika.

Alikuja ofisini kwetu akiwa amekata tamaa na barua ya pili na mwenye furaha kwa ule ujumbe wa kwanza. Nasi tukiri kwamba tulimwelewa hivyo hivyo. Tulidhani wakala amemkubali na kiwanda kimempuuza. Kumbe zilikuwa habari za nafasi moja, na hakuna kati ya barua hizo mbili iliyokuwa imesema ndiyo wala hapana.

Ili kuona kwa nini zinasikika tofauti namna ile, inafaa kujua kila mwandishi analipwaje. Wakala wa aina hii hulipwa na mwajiri, si na mwombaji, na kwa kawaida hulipwa pale tu mtu aliyemleta anapoajiriwa. Malipo yake huwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Viwango hutofautiana kwa makubaliano, lakini tuchukue asilimia 15 kwa mfano. Kama mhasibu atalipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, mwaka ni shilingi 14,400,000, na sehemu ya wakala ni shilingi 2,160,000. Mawakala wawili au watatu wanaweza kupewa nafasi ileile, na atakayelipwa ni mmoja tu. Asipoleta mtu, anarudi nyumbani mikono mitupu hata kama amefanya kazi mwezi mzima. Basi "leo kabla ya saa kumi" si lazima iwe hila. Ni mtu anayekimbizana na mwenzake kufikisha jina la kwanza mezani.

Hiyo ndiyo sababu pia hakulitaja jina la kiwanda. Akilitaja mapema, mwombaji anaweza kwenda moja kwa moja mlangoni, au kumwambia rafiki, na kazi ya wakala ikapotea. Na ndiyo sababu aliomba wasifu, ule ambao vijana huuita sivii, kwa faili la Word: wengi wao huondoa namba ya simu na anwani ya mwombaji na kuweka nembo ya ofisi yao kabla ya kuupeleka kwa mteja. Kamati moja ilituuliza kama jambo hilo ni wizi wa taarifa. Si wizi, kama mwombaji amekubali. Lakini ni lazima awe amekubali, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 wakala hapa Tanzania hana ruhusa ya kuzitawanya taarifa za mtu kama anavyotaka.

Afisa utumishi wa kiwanda analipwa mshahara wake mwisho wa mwezi, aajiriwe huyu au yule. Hana haraka ya namna ile. Ana hofu nyingine: kuajiri asiyefaa na kuishi naye, au kuulizwa na wakuu wake kwa nini mwombaji fulani aliahidiwa jambo. Tunalijua hili kutoka upande wetu wenyewe. Hospitali yetu ilipotangaza nafasi moja ya mhasibu tulipata maombi 140, na waliokuwa wakiyasoma ni watu wawili, kila mmoja akiwa na kazi zake nyingine. Barua tuliyowaandikia waombaji wale ilikuwa kavu kuliko ile ya kiwanda. Hatukuwa na chuki na mtu. Tuliandika barua moja kwa wote 140 ili asije mmoja akasema aliahidiwa.

Kwa hiyo maneno matamu ya wakala hayana uzito ambao kijana huyapa, na ukavu wa mwajiri hauna ubaya ambao kijana huuona. "Unafaa sana" ya wakala maana yake ni kwamba wasifu unafanana na karatasi aliyopewa na mteja. Mwajiri bado hajauona. "Watakaochaguliwa tu" ya mwajiri maana yake ni kwamba karatasi imefika mahali pake na itasomwa na mwenye uamuzi, jambo ambalo wakala hawezi kuliahidi.

Sasa turudi kwenye kisa. Wiki mbili baadaye afisa utumishi wa kiwanda alimwandikia binti yetu: "Jina lako limetufikia mara mbili, moja kwa moja na kupitia wakala. Tafadhali tueleze kwa maandishi ni nani uliyemruhusu kukuwakilisha." Binti akaogopa. Alidhani ametuhumiwa udanganyifu. Akakaa kimya siku tano akitafuta mtu wa kumshauri, halafu akajibu kwa heshima kubwa kwamba wote wawili ni sawa kwake na anamwachia Mungu. Hakuitwa. Wakati huo kamati ya parokia ilikuwa imeshamtengea shilingi 85,000 za nauli na malazi.

Tulimpigia afisa yule baadaye, naye alitueleza bila kificho. Kama kiwanda kingemwajiri, wakala angeleta ankara yake, kwa kuwa ujumbe wa "Sawa, natuma" ulikuwa wa Jumatatu na fomu ya kiwanda ilijazwa Jumatano. Kiwanda kingesema mwombaji alikuja mwenyewe. Pangekuwa na mabishano ya shilingi milioni mbili na zaidi juu ya mtu ambaye hajaanza hata kazi. Walikuwa na waombaji wengine wanne wenye sifa zinazolingana naye, wasio na mabishano yoyote. Wakamweka pembeni. Alituambia kwamba hata kama barua ya binti ingekuwa na sentensi moja tu, "Sikujua mteja wa wakala ni nyinyi, wakala alipata wasifu wangu Jumatatu," wangeweza kuzungumza na wakala na kulimaliza. Kilichomtoa ni ukimya wa siku tano, halafu jibu lisilosema lolote.

Hapa ndipo tulipojifunza kwamba adabu iliyo njema kwa mmoja inaweza kuwa hasara kwa mwingine. Vijana wetu wamefundishwa shuleni barua ya maombi ya kazi: anwani mbili, Yah, "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya tano za maelezo. Barua hiyo akipelekewa wakala kwa WhatsApp, wakala hataisoma. Yeye aliuliza mambo matatu na anataka majibu matatu, ikiwezekana kwa namba. Upande mwingine, tumeona kijana akimwandikia afisa utumishi wa taasisi kubwa "Mambo, vipi ile ishu yangu?" kwa sababu wiki iliyopita alizoea kuandikiana hivyo na wakala. Afisa yule alituonyesha ujumbe huo akicheka, lakini kijana hakuupata usaili.

Kwa wakala, tunawashauri vijana wajibu siku ileile, kwa ufupi, na watoe takwimu. Notisi kwa mfano si swali la mtego. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kuweka zaidi. Wakala anataka kujua kama mtu anaweza kuanza mwezi ujao au baada ya miezi mitatu. Kijana asiyeujua mkataba wake hujibu "wakati wowote", na neno hilo linaweza kumgeukia atakaposhindwa kuondoka kwa wakati.

Pamoja na majibu hayo, kijana aweke sharti moja kabla ya kutuma wasifu: aambiwe jina la mwajiri, na akubali kwa maandishi kupelekwa kwa mwajiri huyo tu. Wapo mawakala watakaokataa kutaja jina siku ya kwanza, na wana sababu tuliyoieleza. Lakini wakala mwenye mteja kweli atalitaja kabla ya kupeleka jina, kwa sababu yeye pia hapendi mgogoro wa kupelekwa mara mbili. Asipolitaja kabisa, mara nyingi ni kwamba hana nafasi yoyote mkononi na anakusanya wasifu ili akatafute wateja kwa huo.

Kwa mwajiri mwenyewe mambo ni ya polepole na ya utaratibu. Anataka kila karatasi aliyoiomba kwenye tangazo, kwa mpangilio alioutaja, na namba ya tangazo iandikwe. Anataka wadhamini wanaopokea simu. Hapa kamati za parokia zinahusika kuliko zinavyojua. Wakala mara nyingi hana haja na barua ya paroko hatua ya mwanzo, hivyo msihangaike kuipiga muhuri usiku. Lakini mwajiri akifika mwisho wa uchambuzi hupiga simu kwa waliotajwa, na tumekuwa na mwenyekiti wa kamati aliyepigiwa akajibu kwamba hamfahamu kijana huyo, kumbe alisaini barua yake miezi miwili nyuma akiwa na barua nyingine ishirini. Tunaomba kila kamati iweke daftari dogo la barua za utambulisho, lenye jina, nafasi anayoomba na tarehe.

Suala la mshahara linastahili maneno machache kwa sababu kuna ushauri unaozunguka mitaani ambao ni kweli nusu. Husemwa kwamba wakala atakupigania upate mshahara mkubwa, kwa kuwa yeye hulipwa asilimia. Tupige hesabu. Binti akitaka kuongezewa shilingi 100,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka, na wakala anapata nyongeza ya shilingi 180,000. Je, ataihatarisha 2,160,000 iliyo karibu kuingia mfukoni ili apate 180,000? Mara nyingi hapana. Atapenda mkubaliane upesi. Faida yake halisi ni nyingine: anajua kiwango cha juu ambacho mteja amekubali kutoa, na ukimuuliza wazi, mara nyingi atakuambia. Afisa utumishi hukijua pia, lakini hatakitaja, na taasisi nyingi zina ngazi za mshahara ambazo yeye hana mamlaka ya kuzibadilisha. Kwake linalojadilika zaidi ni kuanzia daraja gani la ngazi, au posho ya nyumba.

Ukimya nao una maana mbili. Wakala akinyamaza wiki moja baada ya ujumbe ishirini wa siku moja, uwezekano mkubwa ni kwamba mteja amechagua mwingine, naye amekwenda kwenye nafasi nyingine inayoweza kumlipa. Swali moja fupi linatosha, na mlango usifungwe kwa maneno makali, kwa maana wasifu bado uko kwake. Mwajiri akinyamaza mwezi mzima, huenda karatasi inasubiri sahihi ya meneja aliyesafiri au bajeti ya robo inayofuata. Kwa mwajiri, tunasema subirini wiki mbili baada ya tarehe ya mwisho, halafu andikeni barua pepe moja yenye namba ya tangazo. Msipige simu kila siku.

Tukifika kwenye nauli, ofisi yetu sasa inatumia kanuni ambayo tunazisihi kamati ziitumie pia. Hatutoi pesa kwa ujumbe wa wakala peke yake, hata uwe mtamu namna gani. Tunatoa pale panapokuwa na siku, saa, mahali na jina la mwajiri, na tumempigia mwajiri huyo kwa namba tuliyoitafuta wenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe. "Njoo ofisini tukusajili" si usaili. Usajili unaweza kufanyika kwa simu bila senti moja kutoka katika sadaka za watu.

Na pakitajwa malipo, mazungumzo yaishe. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala binafsi hamtozi mtafuta kazi, isipokuwa kwa vighairi vilivyoruhusiwa mahususi. Hapa kwetu, kwa Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, wakala binafsi anatakiwa awe amesajiliwa, na kamati ina haki ya kuomba namba ya usajili na kuiulizia ofisi ya kazi. Matapeli huchanganya sauti zote mbili: wana haraka ya wakala na nembo ya mwajiri mkubwa. Barua inasema imetoka kampuni fulani, lakini anwani ya barua pepe ni ile ya bure ambayo mtu yeyote hufungua, hakuna usaili, na siku ya pili inatajwa pesa ya fomu au ya vipimo vya afya. Ajira za serikali ni habari nyingine. Hizo kwa sehemu kubwa hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na anayedai kuwa wakala wake anadanganya.

Binti yetu alirudi shuleni kwake na nauli ile shilingi 85,000 ikarudi katika mfuko wa vijana, ambako mweka hazina ameiandika. Mwezi uliopita wakala yuleyule alimwandikia tena, kwa haraka ileile: mteja mkubwa, mshahara mzuri, leo. Safari hii binti alimjibu hivi, na ametuachia tuchapishe:

"Asante. Nalipwa 650,000, nataka kuanzia 1,100,000, notisi ni siku 28. Naomba jina la mwajiri kwanza. Ukinitajia, na kama sijaomba huko, nitakuandikia ruhusa ya kunipeleka kwa mwajiri huyo tu."

Jina lilikuja baada ya nusu saa. Lilikuwa la kampuni ya usafirishaji ambayo hakuwahi kuiomba. Ameandika ruhusa yake, wakala amepeleka wasifu, na hadi tunakwenda mitamboni kampuni ilikuwa bado haijajibu.